Laini yako ikiswapiwa: jinsi ya kujua, na nani wa kupigiwa kwanza

Mama mdogo wangu anauza leso na madira hapa Mombasa, na Jumamosi moja jioni alipoteza pesa za miezi mitatu huku simu yake iko mkononi, haijaibiwa, haijaanguka, na WhatsApp anachati kama kawaida. Nitaeleza ilivyokuwa kwa dakika zake manake nilikuja kuiona stetimenti baadaye, na kile kilichoniuma zaidi si pesa zilizotoka mwanzo, ni zile zilizotoka wakati mimi na yeye tuko ndani ya tuktuk tunakimbilia duka la mtandao. Zile zingebaki. Simu moja tu kutoka kwa simu yangu ingezibakisha.

Kwa hivyo huu mwongozo una kitu kimoja hasa: mpangilio. Nini kwanza, nini pili, nini kinaweza kungoja Jumatatu. Naongea zaidi ya Kenya kwa sababu ndiko ninakokujua, ya Tanzania na ya walio Ghuba nitayagusa huko chini.

Kwanza elewa ni nini kimeibiwa

Watu wengi wanadhani namba yao iko ndani ya ile kadi. Haiko. Ndani ya kadi kuna utambulisho wake mwenyewe na ufunguo wa siri, na kule kwenye mitambo ya kampuni kuna orodha inayosema namba hii ya 07 kadhaa imefungwa kwenye kadi hii. Ukipoteza simu ukaenda dukani ukapewa kadi mpya na namba ileile, kilichofanyika ni hiyo orodha kubadilishwa, namba ikaelekezwa kwa kadi mpya na ya zamani ikakataliwa. Hiyo ndiyo kuswapu laini, na ni huduma halali kabisa, wewe mwenyewe pengine ushaifanya.

Mwizi anafanya hivyohivyo, ila anajifanya wewe. Anapata ejenti asiye makini au anayekula naye, au kitambulisho feki chenye jina lako, anajibu maswali mawili matatu ya usalama, na dakika chache baadaye namba yako iko kwa kadi yake. Kuanzia hapo kila meseji inayokuja kwa namba yako inaingia kwake: zile namba za tarakimu 6 za kuthibitisha, meseji za benki, simu za watu wako, zote. Na eSIM ni vilevile, usidhani kwa kuwa huna kadi ya kushika basi huwezi kuswapiwa.

Kuna jambo moja la kushukuru hapa na ni muhimu ulijue: kuswapu laini hakumpi mwizi pini yako. Pini ya M-PESA au ya benki haikai kwenye kadi. Kwa hivyo lazima aipate njia nyingine, na njia zake ni chache. Anakisia mwaka wako wa kuzaliwa, ambao uko kwenye kipande chako, yaani kitambulisho. Ama alikuuliza kiujanja kabla ya kuswapu. Ama anaomba pini mpya akijifanya amesahau, akitumia namba ya kipande na vitu vingine vyako alivyokusanya. Hiyo hatua ya pini ndiyo inamchukua muda, na huo muda ndio wako wewe wa kumuwahi.

Ilivyokuwa, kwa saa zake

Saa tisa alasiri mtu akampigia mama mdogo, akamtaja majina yake yote matatu, akasema usajili wa laini yako una kasoro utafungwa leo, hebu nithibitishie namba ya kipande. Akampa. Sauti ilikuwa ya heshima, mama, mama, samahani kwa usumbufu. Kisha kati ya saa tisa na saa kumi na moja zikaja simu mbili za kukatika kutoka namba asizozijua, zote akazipigia kuuliza nani mwenzangu. Halafu mtu mwingine akamtumia kredo ya shilingi 20, akapiga kusema amekosea, akamuomba amrudishie, akamrudishia.

Hivi vitu vinaonekana havina maana lakini sivyo. Mojawapo ya maswali ambayo mtu huulizwa anapotaka kurudishiwa laini ni namba gani ulizopigia hivi karibuni, na uliweka au ulituma kredo kiasi gani. Wale watu walikuwa wanatengeneza majibu. Zile namba mbili zilikuwa zao, na ile shilingi 20 ilikuwa yao, kwa hivyo walipoulizwa walijibu bila kusita. Ukiona siku moja namba ngeni zinakukatikia mfululizo na mtu anakutumia kitu kidogo kwa makosa, na kuna mwingine ameulizia kipande, hiyo siku usilale.

Saa kumi na moja na dakika ishirini ikaingia meseji kutoka kwa mtandao wake kwamba kuna ombi la kubadilisha kadi. Hakuisoma. Hakuisoma kwa sababu dakika hizohizo simu yake ilikuwa inalia bila kupumua, namba ngeni juu ya namba ngeni, akaudhika akaiweka kimya akaendelea kuhudumia mteja. Hizo simu hazikuwa za kumsumbua tu, zilikuwa za kuizika ile meseji.

Saa kumi na moja na nusu laini ikakata. Akadhani mtandao umepotea.

Stetimenti inaonyesha dakika ya 9 baada ya hapo zikatoka pesa za kwanza, kwa sababu pini yake ilikuwa mwaka wake wa kuzaliwa na hawakuhitaji hata kuhangaika. Zikatoka 38,400 kwa namba mbili, halafu wakavuta mkopo wa ghafla, halafu wakakopa 12,000 kwa jina lake. Mimi nilifika dukani kwake dakika ya 40. Akaniambia simu haina mtandao tangu saa ile, lakini WhatsApp inafanya, kwa sababu alikuwa kwenye waifai ya jirani. Nikashtuka, nikasema twende duka la mtandao sasa hivi kabla halijafungwa, tukapanda tuktuk. Dakika ya 52, tukiwa kwenye foleni ya magari, wakavuta 40,000 kutoka benki yake ikaingia kwenye simu na kutoka, manake pini ya benki alikuwa ameifananisha na ya simu. Duka tukalikuta limefungwa. Nilipiga kastama kea dakika ya 85.

Je, ni mtandao umepotea au umeswapiwa? Jaribio la dakika 3

Ukiona huna mtandao ghafla, angalia kioo cha simu kinasema nini. Kama kinasema "No SIM" au "Insert SIM", hapo kadi haisomwi kabisa, pengine imechafuka au imelegea, itoe uipanguse uirudishe. Kadi iliyoswapiwa ni tofauti: simu bado inaiona, pengine hata ile menyu ya laini iko palepale, ila mtandao unaikataa. Utaona "No service", "Emergency calls only", na kwenye simu nyingine "SIM not provisioned" au "Not registered on network". Kadi iko hai lakini kule kwenye orodha imefutwa, ndio maana yake.

Kisha muulize mtu wa pembeni aliye na mtandao huohuo kama yeye anapata. Asipopata na yeye, hata jirani wa pili, basi ni mnara. Akipata, washa alama ya ndege sekunde 10 uizime, ama uzime simu uiwashe, mara moja tu. Bado? Chukua simu ya huyo mtu uipigie namba yako mwenyewe.

Hapa ndipo majibu yako. Ikiita, na simu yako mkononi imekaa kimya, karibu hakika namba yako iko kwa mtu mwingine. Ikipokelewa usibishane naye wala usimtishe, kata, kila sekunde unayomtusi anaendelea kubonyeza. Ikisema mteja hapatikani, hiyo haithibitishi chochote, kwa sababu wezi wengi wanaweka kadi, wanafanya mambo yao, na wanaizima. Kwa hivyo usijifariji kwa kusikia hapatikani.

Na WhatsApp kufanya kazi si dalili ya usalama. WhatsApp iliyosajiliwa zamani inaendelea kwenye waifai hata kama laini imekufa, mpaka mwizi atakapoisajili kwa simu yake. Hii ndiyo iliyomtuliza mama mdogo dakika 40 nzima. Ikikutoa yenyewe na kusema namba yako imesajiliwa kwenye simu nyingine, hapo ndio ushachelewa kidogo.

Kuna kitu kingine kinachofanana na hiki lakini sicho. Laini yako iko sawa, mtandao unao, lakini watu wanakuambia wakikupigia anapokea mtu mwingine. Hapo simu zako zimeelekezwa kwingine, mara nyingi kwa sababu kuna mtu alikuambia ubonyeze namba fulani inayoanza na nyota 21. Bonyeza `*#21#` uone kama kuna uelekezaji, na `##002#` kuufuta wote. Hiyo haihitaji kubadilisha laini, ila badilisha pini zako hata hivyo.

Dakika 3 zikipita na bado hujui, acha kuchunguza, piga uifungishe. Ukifunga laini ambayo kumbe ilikuwa na shida ya kawaida, hasara yako ni safari ya kwenda dukani na kipande.

Simu ya kwanza: mtandao wako, si duka

Azima simu ya mtu yeyote aliye karibu. Kama ana laini ya mtandao wako piga 100. Kama ni Safaricom na wewe umeazima laini ya mtandao mwingine, piga 0722 002 100. Usiende dukani kwanza, usimpigie mume kwanza, usianze na benki. Sababu ni hii: mkiifunga laini na akaunti ya pesa kule kwa mtandao, mwizi anapoteza vyote kwa pamoja, M-PESA, ile mikopo inayokaa juu yake kama Fuliza na M-Shwari, na meseji za uthibitisho za benki ambazo zilikuwa zinaingia kwake. Benki ukianza nayo umefunga mlango mmoja.

Sasa kuna namna ya kuongea. Ukisema laini yangu haina mtandao, utaambiwa zima simu uwashe, weka kadi kwa simu nyingine, na hayo yote yanakula dakika. Sema hivi, na uanze nayo kabla ya salamu kurefuka: laini yangu imeswapiwa bila ruhusa yangu, naomba isimamishwe sasa hivi na akaunti ya M-PESA ifungwe. Halafu utaulizwa jina, namba ya kipande, pengine miamala ya karibuni, jibu kwa yale unayoyakumbuka wewe kabla laini haijakata. Pini hawatakuuliza, na yeyote akikuuliza pini kwenye simu hiyo ujue umepiga kwingine.

Kabla ya kukata uliza mambo mawili uyaandike hata kwenye mkono: saa ngapi laini ilibadilishwa, na namba ya kumbukumbu ya malalamiko yako. Hiyo saa utaihitaji benki, polisi na kwa wale waliotoa mkopo, kwa sababu kila kilichofanyika baada ya hiyo saa si wewe.

Ukingoja kwenye foleni ya simu dakika nyingi, mtu mwingine aliye nawe aanze kupiga benki kwa simu ya pili. Mpo wawili gawaneni. Mimi na mama mdogo tulikuwa wawili na simu moja yenye kredo, na hatukufikiria hilo.

Ya pili: benki

Namba ya benki iko nyuma ya kadi yako ya ATM, itumie hiyo, usitafute mtandaoni ukiwa umechanganyikiwa kwa sababu kuna namba feki za kastama kea zimejaa huko. Waambie wafunge huduma ya benki kwenye simu, kwa maana ya apu na ile ya kubonyeza nyota, na kama una wasiwasi wafunge kadi pia. Ukiwa na benki mbili piga zote, na sako ambayo iko kwenye simu ihesabu kama benki.

Kama wanaopokea simu nje ya saa za kazi wanakuambia uje tawini Jumatatu, shikilia kwamba unaripoti wizi unaoendelea sasa na unataka huduma ya simu izimwe usiku huu. Kuja tawini ni kwa kufungua, kufunga kunafanyika kwa simu.

Ya tatu: imeli, halafu WhatsApp

Watu wanaruka imeli kwa sababu haina pesa, lakini imeli ndiyo inayofungua kila kitu kingine, na imeli nyingi zinarudishwa kwa kutuma namba ya uthibitisho kwenye simu. Ikiwa bado simu yako imeingia kwenye Gmail kupitia waifai, ingia kwenye setingi za akaunti, badilisha nywila, ondoa ile namba iliyoswapiwa kwenye namba za kurudishia akaunti, na uangalie orodha ya vifaa vilivyoingia, usichokijua kitoe. Ukiwa bado umo ndani hili linachukua dakika tano. Ukishatolewa linaweza kuchukua wiki.

WhatsApp kama uliweka ile pini ya pili ya tarakimu 6, mwizi anapoisajili atakwama hapo. Kama hukuweka, ataingia, na jambo la kwanza atakalofanya ni kuwaandikia watu wako, nisaidie elfu tano nitakurudishia jioni. Kwa hivyo mpe mtu mmoja mwenye mdomo kwenye familia kazi ya kuwapigia wengine, kuwapigia kwa sauti, si kuwaandikia, na kutangaza kwenye magrupu kwamba namba ya fulani si yake kwa sasa.

Kesho yake: dukani, polisi, na karatasi

Hapa sasa ndio unaenda duka la mtandao, na kipande halisi mkononi, si picha. Nenda duka la kampuni yenyewe, si kwa ejenti wa kibanda. Watakurudishia namba kwa kadi mpya, ile ya zamani haifufuki. Meseji zilizoingia wakati namba iko kwa mwizi zilienda kwenye simu yake na huzipati. Hili linawashtua watu kwa sababu wamezoea kurudishiwa pesa kwa kupeleka ile meseji ya M-PESA kwenye 456, na sasa meseji yenyewe hawana. Dawa yake ni stetimenti. Omba stetimenti kamili ya siku hiyo, halafu kaa na kalamu uweke alama kila muamala uliofanyika baada ya ile saa uliyoandika.

Badilisha pini papo hapo kabla hujatoka dukani, isiwe mwaka, isiwe ya benki.

Kuhusu pesa niseme ukweli kama ulivyo. Zikitumwa huwa zinapitishwa kwa namba mbili tatu na kutolewa kwa ejenti haraka sana, na zikishageuka noti hakuna kitufe cha kuzirudisha. Zinazoweza kurudi ni zile zilizokutwa bado zimekaa kwenye akaunti ya mpokeaji wakati ripoti inaingia. Mama mdogo alirudishiwa 9,700 kati ya zote, na ilikuwa ni kwa sababu mpokeaji mmoja alikuwa hajamaliza kutoa.

Polisi nenda hata kama unahisi hawatafanya kitu. Unachotaka siku ya kwanza ni namba ya OB, kwa sababu mtandao hautakupa wewe jina la ejenti aliyebadilisha laini wala la aliyepokea pesa, hiyo ni taarifa ambayo polisi ndio huiomba rasmi. Peleka stetimenti iliyowekwa alama, saa ya kubadilishwa, na namba zote zilizokupigia siku ile, zile za kukatika na ile ya kredo ya makosa. Sheria iliyopo ni ile ya uhalifu wa kompyuta na mtandao ya 2018, waulize kama kesi inapelekwa kwa DCI, wale wa upelelezi. Namba ya bure ya DCI ya kutoa habari ni 0800 722 203, na meseji au namba za matapeli wa Safaricom unazituma 333 bila malipo.

Halafu benki. Hata ukisharudisha namba yako, apu ya benki inaweza ikakukataa. Benki nyingi mitambo yao inaona kwamba kadi iliyo nyuma ya namba imebadilika na inajifunga yenyewe mpaka ufike tawini na kipande. Usikasirike nayo, ni ngao nzuri sana, na ingekuwa benki ya mama mdogo inayo siku ile zile 40,000 zingebaki.

Mikopo ndiyo watu wanaisahau. Ile 12,000 iliendelea kumdai, na ule wa ghafla unaongeza ada kila siku. Andika barua au imeli kwa kila aliyetoa mkopo wiki hiyohiyo, weka namba ya OB, saa ya kuswapiwa na saa ya mkopo, useme unaupinga. Kisha uliza taarifa yako ya CRB, wale wanaoweka rekodi za wasiolipa mikopo, sheria inakupa moja ya bure kwa mwaka, uone kama wamekuweka. Ukinyamaza miezi mitatu ndipo unaanza kulalamika, inakuwa ngumu sana kumshawishi mtu kwamba si wewe.

Kabla haijatokea

Kama uko Safaricom bonyeza `*100*100#` leo. Inaifunga laini yako isiweze kubadilishwa na ejenti, mpaka wewe mwenyewe uende duka la Safaricom na kipande. Ubaya wake uujue: ukipoteza simu ukiwa mahali pasipo duka lao karibu, utasafiri. Mama mdogo yuko Mombasa duka liko mjini, kwake haina shida, lakini mtu wa ndani kabisa ya Tana River apime mwenyewe. Na haimzuii mtu wa ndani ya duka akiamua kuiba, wala kitambulisho feki kilichotengenezwa vizuri. Inaondoa ile njia rahisi tu, ambayo ndiyo inayotumika zaidi.

Bonyeza pia `*106#` uone namba ngapi zimesajiliwa kwa kipande chako. Usiyoijua iripoti.

Ile pini ya laini, ile inayokuuliza kila ukiwasha simu, weka kama unataka, lakini ujue inalinda kadi ikiibiwa kimwili tu. Mwizi wa kuswapu hagusi kadi yako. Na ukiikosea mara 3 itataka PUK, kwa hivyo usicheze nayo kama hujui PUK yako.

Kwa imeli na akaunti kubwa acha kutegemea meseji, tumia apu ya kutoa namba za uthibitisho kama Google Authenticator, manake hiyo inakaa ndani ya simu na haifuati laini. Kama una uwezo weka namba ya benki tofauti na ile iliyoandikwa kwenye bango la duka lako. Ya mama mdogo ilikuwa moja, iko kwenye kadi za biashara, kwenye gari ya mizigo, kila mahali.

Na vile vitabu vya getini. Unaingia jengo, askari anakwambia andika jina, namba ya kipande, namba ya simu, sahihi. Kwenye mstari mmoja wa kalamu umempa mtu yeyote atakayefungua hicho kitabu kila kitu anachohitaji ili akupigie akutaje majina matatu. Mimi siku hizi naandika namba ya laini ambayo haina pesa, hakuna aliyewahi kuniuliza.

Walio Tanzania, na walio nje

Tanzania mpangilio ni uleule, simu ya kwanza ni 100 kwa mtandao wako, kisha benki, kisha imeli. Meseji na namba za matapeli zinatumwa 15040, na `*106#` inakuonyesha laini zilizo chini ya namba yako ya NIDA. Polisi utachukua RB. Kule laini inasajiliwa kwa alama za vidole, kwa hivyo kuwa makini na wakala anayekuambia kidole hakijasoma hebu weka tena, weka tena. Uliza kila mara kidole kinasajili nini, na ukitoka hapo bonyeza `*106#` uhakikishe hakuna laini iliyozaliwa mgongoni mwako.

Ndugu zetu walio Saudia, Qatar, Oman, nyinyi mko hatarini kwa namna yenu. Laini ya nyumbani iko kwenye simu ya zamani ndani ya begi, imezimwa, na ndiyo iliyofungwa na benki ya Kenya. Ikiswapiwa hutaona "No service" kwa sababu huiangalii, pengine utajua baada ya miezi mitatu, dada akikuambia mbona ulinipigia sauti imebadilika. Iweke kwenye simu unayoitumia, kama laini ya pili, ukiwa na roaming, data yake uizime, na upokee meseji tu. Kisha kila Ijumaa uipigie kwa laini yako ya huko usikie kama inalia mkononi mwako. Isipolia mkononi na huko hewani inaita, mpigie mtandao wako wa nyumbani kwa ile namba ndefu, kwa Safaricom ni +254 722 002 100, kisha benki, na mtu wa nyumbani hawezi kukurudishia laini hiyo kwa niaba yako kama uliifunga kwa `*100*100#`, kwa hivyo iache imesimamishwa mpaka urudi, pesa za benki zifungiwe hukohuko.